Hakuna asiyeijua Raskazoni

"Jamani wa Tanga, nikisema 'hakuna asiyeijua Raskazoni' nimekanusha mara mbili?"

Ndiyo, dada, mara mbili kweli. Kaka hapo juu anasema hata "hatusomi" ni mbili, kwa ajili ya ha- na -i. Viambishi amevihesabu sawa, ila ukanushi ni mmoja uliogawanyika sehemu mbili. Ukibakiza kimoja, "hatusoma", sentensi inaharibika tu, haigeuki kuwa "tunasoma".

Yako ina vitenzi viwili, kila kimoja na ukanushi wake: "hakuna", kisha -si- ndani ya "asiyeijua". Toa -si- uone: "hakuna anayeijua". Maana imepinduka kabisa! Hicho ndicho kipimo changu.

Kihispania husema "no vi a nadie", kama vile "sikuona hakuna mtu", na maana ni sikuona mtu. Huko vikanushi hupatana, havifutani. Sisi hapo tunaweka "yeyote", ambalo halikanushi kitu.

Na mama ambaye mwanao hujibu "si kwamba sijui": hizo nazo ni mbili, lakini hazirudi kuwa "najua" kavu. Kuna kitu anakibakiza, na hapo bado nakuna kichwa.