Swali liko shiti ya Machi, faili limekuja na Muhtasari tu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya hesabu za ghala hapa Tanga, hii naiona kila mara. Kijana mmoja anayeingiza uzito wa marobota ya mkonge kanitumia faili, akaniuliza, "Dada, shikamoo, mbona Machi inanikataa? Daftari linasema kilo 4,750 ila kompyuta inaleta 4,500." Nafungua nakuta shiti moja tu, Muhtasari, mstari wa Machi umeandikwa 4500 basi, fomula hakuna. Nikaangalia jina la faili, marobota.csv, nikajua shida iko wapi.

CSV ni maandishi matupu, haina pa kuweka shiti ya pili. Ukisevu hivyo Eksel inachukua shiti ile iliyo wazi mbele yako tu, zingine zinaachwa, na fomula zinabaki namba zilizokuwa zinaonekana. Yeye faili lake likifunguka linaanzia Muhtasari, kwa hiyo ndiyo ikaja. Mimi kwenye ile 4500 nitasoma nini sasa, jumla haisemi imetoka kwenye seli zipi.

Nikamwambia asevu upya kama .xlsx, shiti zote zije. Akasita kwa sababu kuna shiti ya mishahara, na hapo alikuwa sahihi kabisa, hiyo hairuhusiwi kutoka. Basi fanya hivi: bonyeza kichupo cha Muhtasari, shikilia Ctrl ubonyeze na cha Machi, kisha raiti kliki, Move or Copy, chagua (new book), weka tiki kwenye Create a copy. Zichukue zote mbili kwa pamoja, maana ukihamisha Muhtasari peke yake fomula itabaki inaelekeza kwenye faili la zamani lililoko kwenye kompyuta yako, mimi huku siwezi kulifungua.

Ilipofika, Muhtasari ulikuwa na hii:

```
=SUM(Machi!D2:D20)
```

Seli 19, robota moja kilo 250, ilitakiwa 4,750 kweli. Pengo ni 250, yaani robota moja kamili, kwa hiyo nikahisi kuna seli moja haihesabiwi. Kwenye shiti ya Machi nikajaribu mbili hizi pembeni:

```
=COUNTA(D2:D20)
=COUNT(D2:D20)
```

Ya kwanza inahesabu seli zenye kitu chochote, ikaleta 19, ya pili inahesabu namba tu ikaleta 18. Nikashuka na safu taratibu, D13 imeegemea kushoto wakati wenzake wote wako kulia, kumbe mtu kaandika "250 kg", na SUM ikikuta maandishi ndani ya safu inayaruka kimya kimya, haikwambii kosa. Nikafuta hiyo "kg", nikarudi Muhtasari, 4,750.