Mada imechoka au bado? Namna ya kuchungulia tafiti zilizopo kwa siku mbili

*"Wakuu, nipo mwaka wa kwanza masta ya biashara. Nataka kuandika kuhusu sababu zinazowafanya wamachinga wa Mwanza watumie pesa za simu. Mwenzangu darasani anasema mada hiyo imechoka. Nitajuaje haraka bila kusoma tasnifu mia?"*

Mkuu, mwenzako hajakosea sana, ila ni swali lako ndilo lililochoka, pesa za simu bado zina mengi. Mimi masta nilifanya upande wa uchumi, na tangu nimalize, wadogo zangu huniletea maandiko yao niyapitie kabla hayajafika kwa msimamizi. Hii mada ya kwako huja kila mwaka, mji ndio unabadilika.

Kwanza ondoa Mwanza na wamachinga kwenye utafutaji. Ukiandika maneno yako yote matano kwa pamoja hutapata kitu, halafu utaandika kwa furaha kwamba "hakuna utafiti uliofanyika Mwanza". Msimamizi atakuuliza: Mwanza kuna nini kinachoweza kufanya jibu liwe tofauti na la Dodoma? Kama huna cha kujibu, basi hilo si pengo, ni jina la mji tu. Anza na nchi, kisha ubadilishe neno moja moja. Kwenye Google Scholar andika hivi:

```
allintitle: "mobile money" Tanzania adoption
allintitle: "mobile money" Tanzania agents
allintitle: "M-Pesa" Kenya traders
```

`allintitle:` inakuletea tu kazi ambazo maneno hayo yote yamo kwenye kichwa cha habari, kwa hiyo unaondokana na makala zilizotaja pesa za simu kwa kupita. Ile idadi ya matokeo inayoonekana juu usiinukuu popote, ni makadirio, na Scholar yenyewe haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1000 ya mwanzo. Soma vichwa vya habari tu, kurasa mbili tatu. Rudia kwa majina mengine ya kitu kilekile, maana mwingine ameandika "mobile banking", mwingine "digital financial services", na wote wanamzungumzia wakala yuleyule wa kona ya mtaa.

Hatua ya pili ndiyo inayookoa muda kuliko zote: tafuta makala ya mapitio, yaani mtu aliyekwisha kuzisoma tafiti za wenzake na kuzipanga. Kwenye pesa za simu kuna ya Tavneet Suri ya 2017 kwenye *Annual Review of Economics*, na ya Janine Aron ya 2018 kwenye *The World Bank Research Observer*. Usizisome neno kwa neno. Pitia vichwa vidogo uone ni maswali gani yamepewa kurasa nyingi na yapi yamepewa aya moja. Kisha rudi Scholar, bonyeza `Cited by` chini ya makala hiyo, weka tiki kwenye `Search within citing articles`, andika `Tanzania`, na upande wa kushoto chagua miaka ya karibuni. Hapo unaona kazi mpya zilizojengwa juu ya mapitio hayo, na ndani ya saa moja unajua watafiti wameelekea wapi.

Tatu, tasnifu. Nyingi haziingii kwenye majarida, na ndizo zitakazokuumbua siku ya kutetea andiko. Hizi zitafute kwa Google ya kawaida:

```
site:scholar.mzumbe.ac.tz "mobile money"
site:erepository.uonbi.ac.ke "mobile money"
```

Fanya hivyo kwa chuo chako pia, na uende maktaba ukaangalie rafu ya idara yako, kwa sababu si kila kazi imepandishwa mtandaoni.

Sasa jedwali. Chukua kazi ishirini au thelathini, kila moja uipe dakika tano: ikisiri, mchoro wa dhana, aya ya sampuli, na mapendekezo ya utafiti zaidi mwishoni. Andika safu tano: swali, nadharia, waliohojiwa, njia, jibu. Kwa mada yako safu zitajaa kwa namna inayochosha. Nadharia: modeli ya Fred Davis ya 1989 ya kukubali teknolojia. Njia: dodoso la kukubali au kukataa kwa ngazi tano, kisha rigresheni. Jibu: urahisi wa kutumia, manufaa, gharama na uaminifu vina uhusiano na matumizi. Ukifika mahali unaweza kujaza safu ya jibu kabla hujafungua faili, na kazi kama nane zinazofuatana hazijakuongezea neno jipya, acha kusoma. Hilo swali limejibiwa. Dalili nyingine ni mapendekezo yanayosema utafiti kama huu ufanyike wilaya nyingine. Mwandishi naye hakuona pa kwenda.

Lakini itazame safu ya waliohojiwa kwa makini, maana humo ndimo kazi mpya hujificha. Utakuta tafiti nyingi za aina hii zimehoji watu waliokutwa kwa wakala, yaani watu ambao tayari wanatumia. Ukiwauliza hao kwa nini wanatumia, watakuambia ni rahisi. Hawawezi kukueleza kwa nini jirani yao aliacha. Machinga aliyewahi kutumia akarudi kwenye noti mkononi ni mtu mwingine kabisa, na kumpata kunataka sampuli tofauti.

Jihadhari pia na kisanduku kitupu. Kuna kijana nilimpitia andiko, alitaka kuchunguza tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 hapa Tanzania, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Swali zuri: wafanyabiashara wadogo walifanya nini? Aliona tafiti chache kwenye wilaya yake akafurahi. Nikamuuliza atapata wapi takwimu. Huwezi kumwuliza mama wa mboga alituma kiasi gani Agosti ya miaka hiyo, atakukisia tu. Unahitaji kumbukumbu za wakala, na mawakala wengi hawakutunza madaftari, huku kampuni za simu zikiwa hazigawi taarifa za wateja kwa mwanafunzi. Wakati mwingine pengo lipo kwa sababu takwimu zake hazipatikani. Mwishowe alibaki na mawakala, akauliza wanavyosimamia floti siku za mnada na mwisho wa mwezi: nani anaishiwa fedha taslimu, nani anaishiwa salio, na wanakopeshana kwa masharti gani. Hayo unaweza kuyaona kwa macho na kuyaandika kila siku.

Kwako wewe, kama moyo umeng'ang'ania wamachinga, baki nao ila ubadilishe swali: wale walioacha, au wenye laini mbili tatu na namna wanavyochagua ipi itumike kwa malipo gani. Kisha rudia utafutaji wa hatua ya kwanza kwa swali hilo jipya, ukitumia maneno kama `dormant`, `discontinuance` na `non-use`, kwa sababu nalo huenda watu wamekwisha kulifanyia kazi.

Ukienda kwa msimamizi, chapisha lile jedwali kwenye karatasi moja na uzungushie kalamu safu unayotaka kuibadilisha. Wangu alisoma jedwali tu, andiko lenyewe akaliweka kando mpaka wiki iliyofuata.