Mfano wa tiketi na theluji

"Nafundisha kuhusu gharama iliyozama, yaani hela iliyokwisha kutumika na haiwezi kurudi. Slaidi za kigeni zina mtu aliyelipia tiketi ya mechi, theluji ikaanguka, akaenda tu asipoteze hela. Wakulima wa Masasi niwape mfano gani?"

Ndugu, tumia salfa ya mikorosho. Mkulima ameshapuliza ya shilingi 60,000, ubwiri unga bado umeunguza maua mengi. Mzunguko mwingine ni 30,000 na utaokoa korosho za 20,000 tu. Ile 60,000 isimshawishi kuendelea.

Ila iwe salfa iliyokwisha kupulizwa. Ukisema mifuko ipo stoo, hoja inavunjika, maana anaweza kuiuza, wakati tiketi ile hairudishiwi fedha. Uliza ukumbini: "Hela hii inarudi?" Wakijibu ndiyo, badilisha mfano.