Kosa unaloweza kulitabiri kabla mwanafunzi hajaliandika

Wiki jana mwalimu mmoja wa sekondari kule Kisumu aliniandikia: "Madam, nisaidie na orodha ya makosa yote ya Kiingereza yanayoletwa na Kiswahili. Nataka niibandike ukutani darasani." Nilicheka, ingawa si kwa kumdharau. Orodha za namna hiyo zimezunguka kwenye magrupu ya walimu miaka nenda miaka rudi, na mengi ya yaliyomo Kiswahili kinasingiziwa tu. Kwa hivyo orodha sitampa. Nitampa kosa moja, lile nililolifuatilia darasani hapa Nakuru mpaka nikajua litajitokeza wapi na wapi halitaonekana.

Kosa lenyewe ni hili: "The teacher who I saw him yesterday is sick." Mwalimu mwenzangu, nina hakika unalijua. Unaizungushia "him" kalamu nyekundu, unaandika pembeni kwamba ni kosa la sarufi, na kwenye insha inayofuata "him" imerudi palepale kana kwamba hukusema kitu.

Chuoni tulifunzwa uchanganuzi linganuzi, ule ambao mtaalamu wa isimu Robert Lado aliueleza mwaka 1957. Una hatua nne: unaieleza kila lugha kivyake, unachagua sehemu ndogo ya kulinganisha, unalinganisha, halafu ndipo unatabiri. Tuliukariri kwa ajili ya mtihani, na tulipofika madarasani tukaruka moja kwa moja hadi hatua ya nne. Mwalimu anasema "hili ni la Kiswahili" bila kuonyesha ni kipande gani cha Kiswahili. Huko ni kupiga ramli.

Hebu tuanze basi na hatua ya kwanza. Chukua "mwalimu niliyemwona jana". Kata kitenzi: *ni-* ni mimi, *-li-* ni wakati uliopita, *-ye-* ni kirejeshi, *-mw-* ni kiambishi cha mtendwa, kisha *-ona*. Mwalimu huyo ametajwa mara mbili ndani ya neno moja, mara ya kwanza na *-ye-*, mara ya pili na *-mw-*. Ukitumia amba- mambo ni yaleyale: "mwalimu ambaye nilimwona". Kiingereza kinamtaja kwa "who", halafu baada ya "saw" kinaacha nafasi tupu. Mtoto aliyezoea kuiona nafasi hiyo ina mtu anaijaza, na kilicho karibu naye ni "him".

Hapo wengi huishia, lakini utamu wa utabiri uko mbele kidogo. Kiswahili hakimtaji mtendwa kwa nguvu ileile kila mara. Akiwa ni mtu, kiambishi hakikwepeki: hakuna anayesema "mwalimu niliyeona jana" akimaanisha kwamba yeye ndiye aliyemwona mwalimu. Kikiwa ni kitu, una hiari. "Kitabu nilichonunua" ni sawa, na "kitabu nilichokinunua" pia ni sawa. (Soma tena kichwa cha makala haya. Ningeweza kuandika "kosa unaloweza kutabiri", na hakuna ambaye angelalamika.) Kwa hivyo nilitabiri kwamba "the boy who I saw him" itakuwa nyingi kuliko "the book which I bought it".

Mbele zaidi kuna mahali ambapo Kiswahili hakikupi hiari kabisa. "Rafiki niliyesafiri naye": ondoa *naye* na sentensi inavunjika. "Msichana ambaye mamake ni muuguzi": ondoa *-ke* na huyo mama hana mwenyewe. Hapa nilitarajia "the friend who I travelled with him" na "the girl who her mother is a nurse" kwa wingi. Nafasi ya mtenda nayo ilinipa swali. Katika "mwalimu aliyekuja" kuna *a-* na *-ye-*, kwa hivyo anayefuata viambishi kwa upofu atatabiri "the teacher who he came". Niliiweka hiyo pia, ingawa roho ilikuwa na shaka.

Nilipeleka wazo hili kwenye mkutano wa idara katika shule niliyokuwa wakati huo. Mkuu wa idara alinisikiliza nusu, akasema mbele ya wenzangu, "Madam, hapa tunafundisha Kiingereza. Kiswahili kina walimu wake." Watu wakacheka, tukahamia ajenda ya karatasi za kupigia chapa. Ni shule ileile iliyokuwa ikimvalisha kibao shingoni mwanafunzi aliyenaswa akiongea Kiswahili siku ya Kiingereza, kana kwamba ukikifungia Kiswahili nje ya geti kitakosa njia ya kuingia kwenye insha. Sijasahau kicheko kile. Lakini jaribio nililifanya hata hivyo, jioni wakati wa prepu, na kidato cha tatu.

Niliwapa sentensi mbilimbili waziunganishe ziwe moja kwa kutumia "who", "which" au "whose". Nilizichanganya ili wasigundue ninatafuta nini. Mbili mtajwa akiwa mtenda, kama "The man is my uncle. The man sells maize." Mbili akiwa mtendwa aliye mtu, mbili kikiwa kitu, mbili zenye "with" au "for", na mbili za umiliki, kama "The girl is absent. Her mother is a nurse."

Utabiri uligonga pale nilipotaka ugonge. Kwenye mtenda hakuna aliyeandika "who he sells", kama roho ilivyoshuku. Umiliki ulianguka karibu darasa zima: "The girl who her mother is a nurse is absent." Zenye "with" zilifuata kwa ubaya. Na katikati, mtendwa mtu alizaa "him" na "her" waziwazi, huku mtendwa kitu akizaa "it" kwa wachache tu.

Usikimbie bado kutangaza kwamba Kiswahili kimeshikwa na ngozi mkononi. Mwaka 1977 wanaisimu Edward Keenan na Bernard Comrie walilinganisha lugha nyingi za dunia, wakaonyesha kwamba kurejelea mtenda ndiko kwepesi kuliko kote, kisha mtendwa, halafu vilivyo na vihusishi, na umiliki uko karibu na mwisho. Kadiri unavyoshuka, ndivyo lugha nyingi zaidi zinavyojaza nafasi ile kwa kiwakilishi. Kwa hivyo ngazi ya darasa langu, mtenda juu na umiliki chini, ingeweza kutokea hata kwa wanafunzi ambao hawajawahi kusikia Kiswahili. Waingereza wenyewe sentensi ikiwarefukia hutia "him" hiyohiyo.

Alama ya Kiswahili iko mahali pamoja: tofauti ya mtu na kitu. Ngazi ya Keenan na Comrie haitenganishi mvulana na kitabu, wote ni mtendwa. Kiswahili kinawatenganisha. Ukiona darasa linaloandika "who I saw him" lakini halisumbuki na "which I bought", hapo ndipo una haki ya kunyosha kidole. Ukiona yote mawili yako sawa, tafuta chanzo kingine. Kwangu mimi hili ni la thamani kuliko orodha yoyote, na nasema hivyo bila haya kwa sababu sikulipata kwa mtu.

Kulikuwa na kijana mmoja wa mtaa wa Bondeni ambaye insha zake hazikuwa na kosa hili hata moja. Nilimsifu, halafu nikazisoma tena. "I have a friend. His father is a driver. I like him." Hakuna "who" wala "whose" ukurasa mzima! Aliijua hatari akaizunguka. Jacquelyn Schachter alilieleza jambo hili mwaka 1974: wanafunzi Wachina na Wajapani walikuwa na makosa machache ya vishazi rejeshi, vile vya "who" na "which", kuliko Waajemi na Waarabu, na sababu ilikuwa kwamba walivitumia mara chache mno. Kwa hivyo usihesabu makosa peke yake. Hesabu kwanza mwanafunzi amejaribu mara ngapi, halafu ukosoaji uje baadaye. Anayejaribu na kukosea amekutangulia nusu ya kazi.

Dawa niliyotumia ni fupi. Ubaoni ninaandika "niliyemwona", ninaikata vipande mbele yao kwa chaki ya rangi, na *-mw-* ninaiacha nyekundu. Halafu ninaandika sentensi mbili za Kiingereza, "The teacher is sick. I saw him", ninachora mshale kutoka "him" kwenda mbele, inageuka "who", na pale ilipotoka ninafuta kwa dasta. Wanaona shimo. Kwa umiliki ninafuta "her", naandika "whose", nasisitiza kwamba "whose" imeimeza "her" pamoja na "who", haiwezi kutapika moja. Kisha wao wanakuja ubaoni kufuta. Mwanafunzi aliyeifuta "him" kwa mkono wake huitafuta mwenyewe kwenye insha, na wangu walianza kuniambia "Madam, hapa kuna mtu mara mbili" kabla sijafungua kalamu. Mkuu wa idara alikuja kuchungulia mlangoni muhula ule. Hakusema neno.

Acheni pia kukisingizia Kiswahili "he go to school". Ni kweli hatuna *-s* ya namna hiyo, lakini kitenzi chetu huitaja nafsi karibu kila wakati: anaenda, unaenda, naenda. Ukifuata ulinganishi tu, mtoto wetu angepaswa kuwa makini kuliko wengine. Heidi Dulay na Marina Burt walionyesha mwaka 1974 kwamba watoto wanaozungumza Kichina na wanaozungumza Kihispania wakijifunza Kiingereza hupata viambishi vyake kwa mpangilio unaokaribiana, licha ya lugha zao kuwa mbali. *-s* hiyo huchelewa kwa wote. Mpe mazoezi na muda, na usipoteze kipindi ukilinganisha.

Sasa nirudi kwa mwenzangu wa Kisumu. Watoto wangu wa mitaa ya Kaptembwo na Rhonda hapa Nakuru hucheza na kugombana kwa Kiswahili tangu wakiwa wadogo, hata kama nyanya anaongea Kikalenjin au Ekegusii. Darasa lako yaelekea lina wengi ambao nyumbani ni Dholuo, nacho si lugha ya Kibantu wala hakina viambishi hivi vya Kiswahili. Kuchanganya "he" na "she" utakuona, kwa kuwa Dholuo na Kiswahili vyote havitenganishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, kwa hivyo kosa hilo halitakuambia limetoka upande gani. Fanya jaribio la mtu na kitu. Gawa karatasi katika mafungu mawili: wanaoongea Kiswahili nyumbani na wanaoongea Dholuo, kisha ulinganishe "him" na "it" katika kila fungu. Usiwaambie ni mtihani wa vishazi, la sivyo watakuandikia sentensi fupifupi kama kijana wangu wa Bondeni, nawe utadhani umemaliza kazi.