Piriodi ya tatu: waulize kuhusu mabonde, mlima wameshaukariri

"Wakuu, nafundisha kemia kidato cha tano. Nataka kutunga karatasi ya mazoezi kuhusu saizi ya atomi na ayonaizesheni kwenye piriodi. Kila nikiuliza, darasa zima linaimba 'saizi inapungua, nishati inaongezeka' na mbele ya hapo hakuna kitu. Niweke maswali gani?"

Mkuu, nimepita humo humo. Karatasi yangu ya kwanza iliuliza "eleza mwelekeo", nikajibiwa "kwa sababu tunatoka kushoto kwenda kulia". Kosa lilikuwa langu, maana swali lenyewe lilikuwa linaomba wimbo.

Siku hizi natumia piriodi ya tatu tu, na naanza kwa kuwapa namba. Nusukipenyo kwa pikomita: sodiamu 186, magnesiamu 160, alumini 143, silikoni 118, fosforasi 110, salfa 104, klorini 99. Agoni siiweki. Vitabu vingine huipa 188, mtoto akaona mwishoni atomi imevimba ghafla. Namba hiyo imepimwa kwa atomi zilizogusana tu bila kuungana, wakati ile ya klorini ni nusu ya umbali kati ya atomi mbili zilizoungana. Ni vipimo viwili tofauti, havilinganishwi.

Swali la kwanza: klorini ina elektroni sita zaidi ya sodiamu, mbona ni ndogo? Hapa wengi hukwama, kwa sababu kichwani mwao elektroni ni kama mahindi ndani ya gunia, ukiongeza gunia linatanuka. Waambie wahesabu. Kila hatua kiini kinapata protoni moja, na elektroni mpya inakaa tabaka lile lile la tatu. Elektroni kumi za ndani zinawakinga wa nje vizuri, lakini wa tabaka moja hawakingani sana. Kwa kanuni za Slater, jirani wa tabaka hilo anakinga 0.35 tu ya protoni moja. Kwa hiyo mvuto unaoifikia elektroni ya nje unapanda 0.65 kila hatua: sodiamu 2.2, klorini 6.1. Tabaka ni lile lile, mvuto umekaribia mara tatu, atomi inanywea.

Kisha nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza kutoka kwenye atomi ikiwa gesi, kwa kilojuli kwa moli: 496, 738, 578, 787, 1012, 1000, 1251, 1521, kuanzia sodiamu hadi agoni. Usiwachoree grafu. Wachore wenyewe kwa penseli, vituo viunganishwe kimoja hadi kingine. Nilipoacha wachore kwa kukadiria, nusu ya darasa walipitisha mstari mmoja ulionyooka na mabonde yote mawili yakafutika. Mtoto akikuletea mstari ulionyooka, ujue amechora wimbo, hakuchora namba.

Bonde la kwanza ni magnesiamu kwenda alumini. Magnesiamu inatoa elektroni ya 3s. Alumini inatoa ya 3p, ambayo nishati yake iko juu zaidi na inakingwa kidogo na zile mbili za 3s. Protoni imeongezeka, ndiyo, lakini elektroni yenyewe imekaa mahali pepesi kung'oka.

Bonde la pili ni dogo, 1012 kwenda 1000, na ndilo linaloleta majibu mabovu. Utasoma "fosforasi ina nusu ya 3p iliyojaa kwa hiyo ni imara". Mimi jibu hilo nalipa nusu ya maksi, kwa sababu halijasema chochote kuhusu salfa. Fosforasi ina elektroni tatu za 3p, kila moja na chumba chake. Ya nne ikifika kwenye salfa inalazimika kuingia chumba chenye mwenyeji. Mbili ndani ya obitali moja zinasukumana, na huko kusukumana kunarahisisha moja kutoka.

Sasa swali la mtego, la mwisho kwenye karatasi. Wape nishati ya kung'oa elektroni ya pili kwa alumini na silikoni, 1817 na 1577, uwaulize kwa nini bonde limehama. Aliyekariri atakwambia namba zimekosewa. Aliyeelewa ataandika mpangilio wa ayoni: alumini ikishapoteza moja inabaki na 3s mbili, kama magnesiamu, silikoni ikipoteza moja inabaki na 3p moja, kama alumini. Bonde ni lile lile, limesogea hatua moja kulia.

Mwenye kasi muongezee salfa na klorini, 2252 na 2298. Hapo hakuna bonde, namba imepanda 46 tu, wakati kutoka fosforasi (1907) kufika salfa ilipanda 345. Msukumano upo, ila safari hii protoni ya ziada imeushinda kidogo. Kwangu darasa la mwisho waliliona hilo wawili tu, na mmoja wao ndiye aliyekuwa amechora mstari ulionyooka mwanzoni.