Grupu la WhatsApp la wageni wa Sabasaba: usithubutu

"Wakuu, Sabasaba imeisha. Nina kitabu cha wageni kimejaa namba na picha kibao za banda. Nafungua grupu la WhatsApp niwaweke wote, nirushe picha na shukrani. Instagram nako niweke nini? Na mawakala niwatumieje bei?"

Mkuu, weka simu chini! Usifungue hilo grupu.

Nauza mashine za kukamua alizeti. Kuna "mtaalamu wa masoko" nilimlipa hela ya maana, akanishauri niwaweke wote sehemu moja, eti watachangamka wenyewe. Wakachangamka kweli. Usiku uleule watu wakaanza kujitoa, mmoja akafoka nani kagawa namba yake, mwingine akarusha tangazo la mikopo. Kumbe jirani yangu wa banda naye alijiandika kwenye kitabu changu, nami nikadhani ni ujirani mwema. Grupu linaonyesha namba za wote, akazichota, akawafuata inboksi mmoja mmoja na bei ya chini. Mzee mmoja wa Singida, aliyekaa bandani kwangu mpaka akaonja mafuta kwa kidole, alinunua kwa huyo. Alinipigia kunijulisha, tena kwa adabu zote! Wengine wakaniripoti, namba ikafungiwa, na ndiyo iliyochapwa kwenye vipeperushi vyote. Mtaalamu hapokei simu. Labda naye aliniripoti.

Usikimbilie pia orodha ya kutuma kwa wengi kwa mpigo. Ujumbe wake unamfikia tu aliyeisevu namba yako, na aliyekuandikia yake kitabuni si lazima awe amekusevu. Utakaa unasubiri majibu ya shukrani ambazo hazikufika.

Mtu mmoja, ujumbe mmoja, picha yake mwenyewe. Basi. Kaa na kijana wako wa bandani kabla hajasahau sura, mpitie kitabu, mumwekee alama kila aliyeuliza bei, umeme au usafiri. Waliofuata kofia za bure watasubiri. Yule mzee ningemwandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Ni sisi wa banda la mashine za alizeti, Sabasaba. Asante kwa kutupitia, na hii ndiyo picha yako ukiwa kwenye mashine. Uliuliza kama inaendeshwa kwa dizeli. Inawezekana, ila bei hubadilika kwa sababu ya injini. Hapo unapotaka kuifunga, umeme wa fezi tatu umefika?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye hela. Linajibika kwa neno moja, na jibu lake linakuonyesha umwandalie bei ya mota au ya injini. "Karibu tukuhudumie" mtu anaijibu nini?

Pichani wakiwemo watu wengine, wakate abaki yeye na mashine. Anza leo na wenye alama. Akishajibu, mwombe aisevu namba yako, ndipo umtumie bei.