Kuposti saa ngapi, na mara ngapi kwa wiki?

*Nauza madera na mitandio Tanga, wateja wengi wananipata Instagram. Nimesoma kwamba niposti kila siku, na kwamba saa nzuri ni Jumanne 10:00 asubuhi kwa saa za New York. Nimefuata miezi 2 sioni tofauti. Nikiangalia takwimu zangu mwenyewe, nitajuaje saa na idadi inayonifaa?*

Dada, hiyo 10:00 asubuhi ya New York ni saa 12 jioni kwako, na wenzetu wa kule wakisogeza saa zao wakati wa kiangazi inakuwa saa 11. Ni muda ambao wateja wako wengi wapo jikoni au njiani kurudi nyumbani. Lakini kosa kubwa haliko kwenye tofauti ya saa. Ushauri wa namna hiyo hutokana na kujumlisha akaunti nyingi za kila aina, za mabenki, za wanamichezo, za wauza viatu, na jibu linalotoka hapo si la mtu yeyote.

Anzia kwenye Insights, upande wa wafuasi, ushuke hadi Most active times. Utaona vijiti vyenye alama za 6a, 9a, 12p, 3p, 6p, 9p. Hizo ni saa za Kizungu: 6p ni saa 12 jioni, 9p ni saa 3 usiku. Vijiti hivyo vinakwambia wafuasi wako wanashika simu saa ngapi, basi. Havikwambii ni saa ngapi wana nafasi ya kusimama na kuuliza bei, wala havijui kwamba saa hiyohiyo kila muuza nguo naye anaposti. Vitumie kuchagua madirisha 2 ya kujaribu. Kwa biashara kama yako ningeanza na saa 1 asubuhi na saa 2 usiku.

Usichukue posti zako za zamani ukazilinganisha kwa saa. Huenda mzigo mpya ulikuwa unaupiga picha Ijumaa na kuuposti usiku, halafu mabaki ukayaweka asubuhi. Hapo usiku utashinda kwa sababu ya mzigo, na wewe utadhani ni saa. Dawa ni kupishanisha. Wiki ya kwanza, Jumanne posti asubuhi na Alhamisi usiku. Wiki ya pili geuza, Jumanne usiku na Alhamisi asubuhi. Endelea hivyo wiki 5, utapata posti 5 kwa kila dirisha. Ziwe za aina moja: kama ni picha, zote picha. Usichanganye na rili, kwa sababu rili inaweza kuendelea kusambazwa kwa siku kadhaa kwa watu wasiokufuata, kwa hiyo saa ya kuiposti haina uzito sana. Stori ndiyo inayodai saa sahihi, maana baada ya saa 24 imeondoka.

Kila posti ikifikisha saa 48, fungua takwimu zake uandike waliofikiwa, yaani Accounts reached. Usisubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu namba hiyo inaendelea kupanda, na posti ya zamani itaonekana bora kwa kuwa tu imekaa muda mrefu. Pembeni yake andika namba ambayo Instagram haikuhesabii: watu wangapi wamekuja inboksi na "bei gani?" au "mko wapi?" kwa ajili ya nguo ile. Mimi laiki siziandiki kabisa. Mtu anaweza kulaiki dera akiwa daladala na asikumbuke duka lako akishuka.

Jedwali lako liwe hivi: A tarehe, B saa, C dirisha, D waliofikiwa, E walioulizia. Saa iandike kwa mtindo wa saa 24, 07:00 au 20:00. Ukiandika "saa 2" tu, baada ya mwezi hutakumbuka kama ni asubuhi au usiku. Na kama utapakua faili la takwimu badala ya kuandika kwa mkono, tafuta kwanza posti moja unayokumbuka vizuri uliiweka saa ngapi, ulinganishe. Niliwahi kumshauri mteja aposti saa 4 asubuhi kwa kuwa faili lilionesha 10:00. Kumbe saa za faili hazikuwa za Afrika Mashariki, na zile posti zilizofanya vizuri alikuwa ameziweka saa 2 usiku. Alipoteza wiki 3 kwa uzembe wangu.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, namba zimetoka hivi. Usiku: 410, 380, 450, 395 na 6,200. Asubuhi: 520, 490, 610, 470 na 505. Ukichukua wastani, usiku ni 1,567 na asubuhi ni 519, na wengi wangehamia usiku papo hapo. Lakini ile 6,200 ni posti moja iliyosambazwa na mtu mwenye wafuasi wengi. Ukiifungua utakuta karibu wote walioiona hawakufuati. Haina uhusiano na saa. Kwa hiyo panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati. Google Sheets itakufanyia:

```
=MEDIAN(FILTER(D2:D11, C2:C11="usiku"))
```

Usiku inakuwa 410. Badilisha neno liwe "asubuhi", unapata 505. Kisha tazama kwa macho: posti ya asubuhi iliyofanya vibaya kuliko zote, 470, bado imeipita kila posti ya usiku isipokuwa ile iliyosambazwa. Hapo naamini kuna tofauti. Namba zingekuwa zimeingiliana, baadhi za asubuhi juu na baadhi chini, ningekwambia saa haina maana kwako na uposti ukipata nafasi. Hilo nalo ni jibu, na hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyopenda kukubali. Fanya hivyohivyo kwa safu ya E, na zikipingana, fuata E.

Kuhusu mara ngapi, pishanisha wiki: moja posti 3, inayofuata 6, kwa wiki 6. Usiweke zile za posti 3 zote mwanzoni mwa mwezi na za posti 6 mwishoni, kwa sababu mshahara ukiingia watu wanauliza bei hata usipoposti. Hapa usihesabu kwa posti, hesabu kwa wiki nzima. Tuseme wiki ya posti 3 inakuletea watu 18 inboksi, na ya posti 6 inakuletea 22. Kwa kila posti umeshuka kutoka 6 hadi chini ya 4, na mtu anaweza kusema umewachosha wafuasi. Hapana, jumla imepanda. Swali ni kama zile posti 3 za ziada, pamoja na kupiga pasi, kumvalisha mtu na kupiga picha, zinastahili watu 4. Kama kila posti inakula saa 2, hizo ni saa 6 kwa watu 4 wanaouliza tu, na si wote watakaonunua. Mimi ningebaki na 3, muda uliobaki nikawajibu wale 18 haraka.

Usifanye jaribio lolote kati ya haya ndani ya Ramadhani. Kwa mji kama Tanga, saa za watu kulala na kushika simu hubadilika kabisa mwezi ule, na Idi inavuta wanunuzi wa madera kwa namna isiyofanana na mwezi mwingine. Namba zake ziandike kwenye karatasi yake peke yake, uzilinganishe na za Ramadhani ijayo, ambayo itaanza kama siku 11 mapema.